Presha Isiyopimwa Mkononi

"Mbona kila nikipimwa presha naambiwa iko sawa, lakini nikipanda kilima pumzi inakata, na mara mbili nimeanguka?"

Swali hili huulizwa sana, na anayeuliza mara nyingi ni mwanamke ambaye bado hajafika miaka 40. Majibu anayopewa ni mengi. Anaambiwa ana pumu, au damu yake ni pungufu, au ana presha ya kushuka, au ana mawazo. Kama alianguka mbele za watu, lazima atokee mmoja wa kusema ni kifafa. Kila jibu kati ya hayo linaweza kuwa la kweli kwa mtu fulani. Sura hii inamhusu yule ambaye hakuna hata moja linalomfaa: amekunywa vidonge vya kuongeza damu, amevuta dawa ya pumu, amepumzika, na kilima bado kinamshinda.

Presha inayopimwa mkononi ni ya damu inayokwenda kichwani, kwenye figo, miguuni na kwingineko mwilini. Ndani ya kifua kuna presha nyingine, ya damu inayosukumwa kwenye mapafu tu, na mkanda wa mkononi hauna njia ya kuifikia. Inawezekana ya mkononi ikasoma 115 kwa 75 kila siku huku ile ya kifuani ikiwa imepanda mara tatu kupita kawaida. Ugonjwa huo unaitwa shinikizo la juu la damu kwenye mapafu. Hapa nitauita presha ya mapafu, kwa ufupi.

Ili tusipotee njiani tutamfuata mgonjwa mmoja wa mfano. Si mtu mmoja halisi. Nimemchora kutokana na jinsi ugonjwa huu unavyojitokeza kwa watu wengi wa Kanda ya Ziwa. Tumpe miaka 29. Amezaliwa na kukulia kisiwani Ukerewe, akioga, akifua na kuchota maji ziwani. Sasa anaishi Mwanza mjini, kwenye moja ya vile vilima vya mawe ambako nyumba zimejengwa juu ya miamba, na ili ufike nyumbani unapanda ngazi za mawe. Kila asubuhi hushuka bombani na kupanda na ndoo ya lita 20 kichwani. Mwaka juzi alipanda bila kusimama. Mwaka jana akaanza kupumzika katikati. Mwaka huu ameanguka mara mbili, na mara zote mbili ilikuwa wakati wa kupanda.

Moyo mmoja, pampu mbili

Moyo ni pampu mbili zilizojengwa ukuta mmoja katikati. Ya kulia hupokea damu iliyotoka kuzunguka mwili, ikiwa imeishiwa oksijeni, na kuipeleka kwenye mapafu. Ya kushoto huipokea ikitoka mapafuni na kuisukuma mwili mzima. Damu ni ileile na kiasi ni kilekile: mtu akiwa ametulia, lita 5 hivi hupita kila upande kwa dakika moja.

Kazi ya pampu hizi ndiyo inayotofautiana. Upande wa kushoto husukuma kwa presha ya wastani ya kama 90. Kipimo ni milimita za zebaki, zilezile zinazotumika kwa presha ya mkononi. Upande wa kulia husukuma kwa wastani wa 14 tu, maana njia ya mapafu ni fupi na pana, ina mamilioni ya vimishipa laini visivyoleta ubishi. Ndiyo maana chumba cha chini cha kushoto kina ukuta mnene wa misuli, unaokaribia sentimita moja, na cha kulia kina ukuta mwembamba wa milimita tatu hadi tano. Upande wa kulia uliumbwa kupitisha damu nyingi bila kupambana na mtu.

Madaktari wamekubaliana kwamba wastani huo ukizidi 20 mtu akiwa amelala ametulia, hiyo ni presha ya mapafu. Hadi mwaka 2018 mpaka ulikuwa 25, kwa hiyo usishangae ukikutana na namba hiyo kwenye karatasi za zamani.

Ugonjwa hujificha muda mrefu kwa sababu mapafu yana akiba kubwa. Mtu aliyeondolewa pafu moja zima kwa upasuaji anaweza kukaa kitini na presha ya lililobaki ikawa karibu na kawaida. Fikiria watu wanaotoka Uwanja wa CCM Kirumba. Saa za mchana siku isiyo na mechi, hata ukifunga mageti yote ukaacha moja, wafagiaji na walinzi watapita bila kusukumana. Ukiwa umesimama pale huwezi kujua kwamba mengine yamefungwa. Utajua siku ya mechi, filimbi ya mwisho ikilia.

Mapafu mazima yana mageti ya akiba. Mtu akianza kukimbia, vimishipa vilivyokuwa vimelala hufunguka, vilivyokuwa wazi hutanuka, na damu ikiongezeka mara tatu presha hupanda kidogo tu. Kwa mgonjwa wetu, vimishipa vingi vimekuwa vyembamba. Ukuta wake umejaa misuli na makovu, na vingine vimeziba kabisa. Akikaa, anaishi. Akipanda, mageti ya akiba hayapo.

Kwa nini pumzi inakata wakati hewa inaingia

Watu wengi wakisikia "mapafu" wanafikiri juu ya hewa, na hata wahudumu wa afya huanzia hapo. Mgonjwa wetu alipofika kliniki ya kwanza alisikilizwa kifua. Hakukuwa na mluzi wala mkwaruzo, hewa ilikuwa inaingia vizuri pande zote. Akapewa dawa ya pumu ya kuvuta, ambayo kazi yake ni kupanua mirija ya hewa. Mirija yake haikuwa imebana, kwa hiyo dawa haikuwa na cha kupanua.

Mapafu yake yanapokea hewa. Yanachokosa ni damu ya kutosha ya kukutana na hewa hiyo. Sehemu kubwa ya anachovuta huingia kwenye vifuko vya hewa ambavyo damu haivifikii, kisha hutoka kama kilivyoingia. Wakati huohuo misuli ya miguu inadai oksijeni na haipati, inaanza kujilimbikizia asidi, na ubongo unaposikia asidi hiyo unatoa amri moja tu: hema zaidi. Anahema, na anachohitaji hakiongezeki. Ndiyo maana wagonjwa hawa husema maneno yanayomshangaza msikilizaji: "Navuta hewa, naiona inaingia, lakini haishibishi."

Pumu mara nyingi huja na kuondoka. Humwamsha mtu usiku, hukasirishwa na vumbi au baridi, kisha huacha siku kadhaa nzuri kabisa. Pumzi ya presha ya mapafu ina mpangilio wake: huja na kazi, hupoa na mapumziko, na mwezi baada ya mwezi kazi inayoileta huzidi kuwa ndogo. Mwanzo ni kilima na ndoo, halafu kilima bila ndoo, halafu kufagia uwanja. Mwishoni ni kufunga kanga.

Kwa nini anaanguka

Kuzirai ndiko kunakotisha zaidi, na hesabu yake si ngumu. Presha ya mkononi hutokana na vitu viwili: kiasi cha damu ambacho moyo unatoa, na jinsi mishipa ya mwili ilivyobana. Zidisha kimoja kwa kingine unapata presha.

Mtu anapopanda kilima, mishipa ya miguu hufunguka ili misuli ipate damu. Tuseme ubishi wa mishipa ya mwili mzima unapungua kwa nusu. Kwa mtu mzima wa afya hilo halina madhara, maana moyo wake unatoa damu mara mbili au tatu zaidi na presha inabaki palepale au inapanda kidogo.

Sasa mtazame dada yetu. Wastani wa presha yake ya mwili akiwa amekaa ni 90. Anapanda, ubishi unashuka kwa nusu. Moyo ungeongeza damu mara mbili, 90 ingebaki 90. Lakini upande wa kushoto hauwezi kutoa usichopokea, na unaoupelekea ni upande wa kulia, ambao umekwama mbele ya mageti yaliyofungwa. Tuseme unafanikiwa kuongeza kwa moja ya tano tu. Chukua 90, zidisha kwa 1.2, gawa kwa 2. Unapata 54. Kwa mtu aliyesimama wima, kichwa kikiwa juu ya moyo, presha hiyo haitoshi kuufikisha ubongo damu inayouhitaji. Macho yanaingia giza, masikio yanavuma, magoti yanalegea.

Kuna jambo jingine linaloongeza uzito. Pampu mbili zinatumia ukuta mmoja wa katikati na zinakaa ndani ya mfuko mmoja. Ya kulia inapojaa kupita kiasi inausukuma ukuta kuelekea kushoto na kuinyima nafasi pampu ya pili. Kwa hiyo kushoto kunapokea damu kidogo, na hata hiyo kidogo inapata chumba kilichobinywa.

Wengine huanguka wakiwa wamefika juu, sekunde chache baada ya kusimama, na ndugu hushangaa kwa nini iwe wakati amekwisha maliza. Misuli ya mashavu ya miguu, mtu anapotembea, hukamua damu na kuirudisha juu moyoni. Akisimama ghafla, ukamuaji unaisha huku mishipa ya miguu ikiwa bado wazi.

Mgonjwa huyu akianguka hulegea, hupauka, na akilazwa chali hurudi ndani ya dakika moja akijua aliko. Anayeanguka kwa kifafa mara nyingi hukakamaa na kutupa viungo, na huamka amechanganyikiwa kwa muda mrefu. Tahadhari moja tu: hata aliyezirai kwa kukosa damu kichwani anaweza kushtuka mikono mara mbili tatu, na jirani aliyeona hilo ndiye anayekimbilia kusema kifafa. Kuzirai kwa kawaida, kule kwa kusimama juani foleni ndefu au kuona damu, huja mtu akiwa ametulia. Anayeanguka katikati ya kazi anastahili kupimwa moyo, hata kama ni mara moja tu, hata kama ana miaka 19.

> Hadi hapa: Presha ya mapafu haionekani mkononi. Akiba ya mapafu huificha mtu akiwa ametulia. Kazi inapodai damu zaidi, upande wa kulia wa moyo unashindwa kuipitisha. Misuli inakosa oksijeni na pumzi inakata, ubongo unakosa presha na mtu anaanguka.

Swali lililofungua mlango

Kliniki ya tatu ndiyo iliyopata njia, na haikuwa kwa mashine. Daktari alimuuliza, "Dada, unapoanguka unakuwa umekaa, umelala, au unafanya nini?"

"Nikipanda tu, daktari. Kushuka sijaanguka hata siku moja."

Akamlaza kitandani, kichwa kimeinuliwa kidogo, akamtazama shingo. Mshipa wa shingoni ulikuwa umejaa hadi karibu na taya. Kwa mtu mwenye afya aliyelala hivyo, mshipa huo hujaa kidogo tu juu ya mfupa wa mtulinga. Mshipa uliotuna unaonyesha kwamba damu inasubiri kuingia upande wa kulia na nafasi ni ndogo. Akaweka kiganja kushoto kwa mfupa wa kifua, akahisi moyo ukikisukuma kwa nguvu kila pigo: ukuta wa kulia umenenepa. Akasikiliza. Moyo hutoa sauti mbili, na ile ya pili ilikuwa kali kama mlango unaobamizwa. Ni vali ya ateri ya mapafu, yaani mshipa mkubwa unaopeleka damu mapafuni, ikifungwa na presha kubwa iliyo nyuma yake. Mwisho akabonyeza kifundo cha mguu kwa kidole gumba, akahesabu hadi kumi, akaachia. Shimo lilibaki.

Picha ya eksirei ilionyesha mapafu safi, lakini ateri mbili kubwa zinazotoka moyoni zilikuwa nene kama mikia ya samaki, kisha zinakatika ghafla kuelekea kingo. Kipimo cha umeme wa moyo kilionyesha upande wa kulia umeelemewa. Niseme wazi kwamba vipimo hivi viwili vinaweza kuonekana vya kawaida na ugonjwa ukawapo. Vikiwa vibaya vinaongeza shaka, vikiwa vizuri havimwachii mgonjwa aende nyumbani.

Eko: kupima presha kwa kasi ya uvujaji

Kipimo cha eko ni altrasaundi ya moyo. Anayepima hupaka jeli kifuani, huweka kifaa kati ya mbavu, na moyo huonekana kwenye skrini ukipiga. Lakini mawimbi ya sauti yanawezaje kujua presha iliyo ndani?

Kati ya chumba cha juu na cha chini upande wa kulia kuna vali. Moyo unapobana, vali hiyo hutakiwa kufunga kabisa, ila kwa watu wengi huvuja kidogo. Uvujaji huo mdogo ndio unaotusaidia. Bonyeza chupa ya plastiki yenye tundu dogo: ukibonyeza taratibu maji yanatiririka, ukibonyeza kwa nguvu yanachupa mbali. Kasi ya maji inakuambia nguvu ya mkono hata kama huuoni. Mashine ya eko hupima kasi ya damu inayovuja kwa mita kwa sekunde, halafu hutumia kanuni hii:

Presha = 4 × kasi × kasi

Kwa dada yetu kasi ilikuwa mita 4 kwa sekunde. Nne mara nne ni 16, mara nne ni 64. Hiyo ni tofauti ya presha kati ya vyumba viwili, kwa hiyo inaongezwa presha ya chumba cha juu, ambayo hukadiriwa kwa kutazama unene wa mshipa mkubwa unaorudisha damu kutoka tumboni. Kwake ilikadiriwa 10. Jumla 74. Hii ni presha ya kilele, ile ya moyo unapobana, na kwa mtu wa kawaida kilele hicho ni kama 25. Kasi ikizidi 2.8 daktari huanza kushuku. Ikizidi 3.4 shaka inakuwa kubwa hata bila dalili nyingine.

Jambo la pili lililoonekana lilikuwa umbo. Ukiukata moyo kwa upana kwenye skrini, chumba cha kushoto huonekana duara kama chapati. Kwake kilikuwa herufi D: ule ukuta wa katikati ulikuwa umenyooshwa na msukumo wa kutoka kulia.

Eko ina mipaka yake. Kwa watu wengine vali haivuji kiasi cha kupimika, na mpimaji mwenye haraka huandika kwamba presha ya mapafu haipo, wakati alichopaswa kuandika ni kwamba hakuweza kuipima. Hata ikipimika, jibu linaweza kukosea kwa milimita kumi na zaidi. Na eko peke yake haisemi kwa uhakika tatizo liko wapi: kwenye mishipa ya mapafu yenyewe, au mbele yake, upande wa kushoto wa moyo.

Kutembea dakika sita

Kabla ya kipimo kikubwa kuna kimoja ambacho hakihitaji mashine ya bei. Mgonjwa hutembea kwenye ukumbi wa mita 30, kwenda na kurudi, kwa dakika sita, kwa mwendo wake mwenyewe, akiruhusiwa kusimama. Mhudumu huhesabu mita na kutazama oksijeni kwa kifaa cha kubana kidoleni. Dada yetu alianza na oksijeni asilimia 96 akiwa amekaa, namba ambayo haimtishi mtu. Alitembea mita 310, akasimama mara moja, na kifaa kikasoma 87. Kliniki mbili za kwanza zilikuwa zimempima kidole pia. Zilimpima akiwa kwenye benchi.

Katheta: kuingia ndani na kupima

Uhakika hupatikana kwa kupitisha mrija mwembamba, unaoitwa katheta, hadi kwenye ateri ya mapafu. Wa kwanza kuonyesha kwamba binadamu anaweza kuingiziwa mrija moyoni na kubaki hai alikuwa Werner Forssmann, daktari kijana wa Ujerumani, ambaye mwaka 1929 alijipitishia mrija kwenye mshipa wa mkono wake mwenyewe na kutembea hadi chumba cha eksirei ili picha ithibitishe ulikofika. Mwaka 1956 alipewa Tuzo ya Nobeli pamoja na wenzake wawili walioendeleza kazi hiyo Marekani.

Shida iliyobaki ilikuwa kuuongoza mrija ndani ya moyo unaopiga. Jeremy Swan wa Los Angeles alipata jibu akiwa ufukweni, akitazama mashua za matanga zikienda na upepo. Kila mtu wa pwani au wa ziwani analijua jibu hilo: ukiwa na tanga, huhitaji kusukuma, unabebwa. Yeye na mwenzake William Ganz waliweka puto dogo kwenye ncha ya mrija, na mwaka 1970 wakatangaza kazi yao. Puto likijazwa hewa, pungufu ya kijiko kidogo, mkondo wa damu hulibeba lenyewe kupita vyumba vya moyo hadi mapafuni.

Nchini Tanzania kazi kama hiyo hufanyika kwenye maabara za katheta, kama ya Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Mgonjwa huwa macho. Hupigwa ganzi shingoni au kwenye kinena, mrija huingizwa kwenye mshipa, na kila mtu hugeukia skrini, kwa sababu mawimbi ya presha ndiyo yanayosema ncha imefika wapi. Kwenye chumba cha juu ni vilima vidogo. Ikiingia chumba cha chini mawimbi yanaruka juu na kushuka hadi karibu na sifuri kila pigo. Ikivuka vali na kuingia ateri ya mapafu kilele kinabaki palepale, lakini sakafu inainuka. Kwa dada yetu ilisoma 78 kwa 33, wastani 48.

Kisha puto linaachwa liende mbele hadi libane kwenye tawi dogo. Sasa limeziba njia nyuma yake, na ncha inasikia presha iliyo mbele tu, ile inayotoka upande wa kushoto wa moyo. Hii ndiyo namba inayotenganisha wagonjwa. Ikizidi 15, upande wa kushoto ndio unaorudisha damu nyuma, kama bomba lililozibwa mbele linavyofurika nyuma. Kwake ilikuwa 10. Kushoto hakuna kosa.

Mwisho walipima damu inayopita: lita 3.8 kwa dakika. Hesabu ya kufunga ni kutoa na kugawa. 48 toa 10 ni 38, gawa kwa 3.8 ni 10. Huo ndio ubishi wa mishipa ya mapafu yake. Kwa mtu mwenye afya namba hiyo haizidi 2.

Presha imeonekana, imetoka wapi?

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Presha ya mapafu si jibu la mwisho, na vyanzo vyake vina matibabu yanayopingana. Kwa eneo letu daktari hupita milango hii:

- Upande wa kushoto wa moyo, hasa vali iliyobana kutokana na homa ya baridi yabisi ya utotoni. Hapa dawa ni kuitengeneza vali.
- Mapafu yenyewe: makovu ya kifua kikuu, au miaka mingi ya moshi wa kuni jikoni.
- Mabonge ya damu ya zamani yaliyoganda kwenye ateri za mapafu, mara nyingine baada ya uzazi au kulazwa muda mrefu. Mlango huu haurukwi kamwe, kwa kuwa baadhi ya mabonge hayo yanaweza kuondolewa kwa upasuaji.
- Matundu ya moyo ya kuzaliwa nayo, selimundu, virusi vya ukimwi, na kichocho.

Dada yetu hakuwa na vali mbovu, mapafu yake yalikuwa safi, na picha za mishipa hazikuonyesha mabonge. Altrasaundi ya tumbo ndiyo iliyosema. Ini lilikuwa na michirizi minene ya kovu iliyofuata mishipa yake, na bandama lilikuwa limevimba. Akaulizwa alikokulia.

Vijidudu vya kichocho cha tumbo hutoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi ya mtu aliyeingia ziwani. Minyoo wakubwa huishi kwenye mishipa ya matumbo na kutaga mayai kwa miaka. Mengi hubebwa na damu hadi kwenye ini, hukwama, na mwili huyazungushia kovu. Ini likiziba, damu hutafuta njia za pembeni, na kwa njia hizo mayai hufika mapafuni. Huko nako mwili unapigana nayo, na kuta za vimishipa hunenepa. Ukerewe aliondoka akiwa na miaka 20. Pumzi ilianza kukata akiwa na 28.

Alipewa dawa ya kichocho, inayoua minyoo lakini haifuti kovu. Alipewa dawa ya kuondoa maji mwilini, na sildenafili, dawa inayojulikana mitaani kwa matumizi mengine kabisa, ambayo hulegeza mishipa ya mapafu na imeidhinishwa kwa ugonjwa huu tangu mwaka 2005. Dawa hiyo hiyo ingeweza kumdhuru mgonjwa mwenye vali ya kushoto iliyobana, maana ingeruhusu damu nyingi zaidi kukimbilia mahali pasipo na pa kutokea. Ndiyo sababu ile namba 10 ya puto ilitafutwa kwanza. Akashauriwa pia kwa uwazi kuhusu ujauzito, kwa sababu mimba huongeza sana damu inayopita kwenye moyo, na kwa presha kama yake inaweza kumuua mama. Mume wake aliitwa akasikia maneno hayohayo.

Miezi sita baadaye alirudi kwenye ukumbi wa mita 30 na kutembea mita 372 bila kusimama. Ubishi wa mapafu yake haujaondoka. Ndoo siku hizi anabeba mdogo wake, na yeye hupanda nyuma yake akishika ukuta, akikaa kwenye jiwe pana lililo nusu ya njia kabla masikio hayajaanza kuvuma.